Kanuni tatu badala ya safu nane

Chukua sharti la kupata mkopo wa chama: «Si kweli kwamba mwombaji si mwanachama, tena awe mwanachama au mwenye dhamana, tena awe mwanachama au mwenye mshahara.» Kwa alama, p ni mwanachama, q dhamana, r mshahara:

```
¬¬p ∧ (p ∨ q) ∧ (p ∨ r)
```

Jedwali la ukweli lingedai safu nane. Kanuni zinafika upesi zaidi. Ukanushi maradufu hujifuta, hivyo ¬¬p ni p. Kanuni ya mgawanyo, ikisomwa kinyumenyume, hutoa p iliyorudiwa kwenye mabano mawili:

```
p ∧ (p ∨ (q ∧ r))
```

Hapa kanuni ya umezaji humaliza kazi: p ikiwa kweli, mabano ni kweli tayari, ikiwa si kweli, sentensi nzima si kweli. Inabaki p. Dhamana na mshahara havikubadilisha chochote.

Wengi huteleza kwenye umezaji. Viunganishi viwili lazima vitofautiane, na p ya ndani isiwe imekanushwa: p ∧ (¬p ∨ q) si p, bali p ∧ q. Kagua alama ya ukanushi kabla ya kumeza.