Kupunguziwa kodi kwa kufanya usafi: andikeni kurasa mbili, si moja

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam zimejengwa kwa mtindo mmoja. Korido inapita katikati, vyumba vinaelekeana, na uani kuna choo na bafu vya wote, karo la kufulia na bomba. Mara nyingi mwenye nyumba haishi hapo. Anakuja kipindi cha kodi kikikaribia kwisha, au anamtuma mwanawe. Usafi wa uani unaachiwa zamu za wapangaji. Zamu hizo zinakwenda vizuri mwezi wa kwanza, kisha mmoja anasafiri, mwingine anasema yeye anarudi kazini usiku, na choo kinaanza kunuka.

Hapo ndipo mpangaji mmoja humfuata mwenye nyumba na kumwambia, "Shikamoo mama. Mimi nitafanya usafi wa nyumba yote, unipunguzie kodi." Wengi hukubali papo hapo, kwa mdomo, wakiwa wamesimama mlangoni. Ni mpango mzuri kwa pande zote mbili. Lakini ukifuatilia jinsi mipango ya namna hii inavyovunjika, mara nyingi utakuta sababu ni moja: kodi na kazi vilichanganywa vikawa kitu kimoja. Kazi ilipoleta maneno, chumba nacho kikapotea.

Tuchukue nyumba ya mfano yenye vyumba vinane, Mbagala, kila chumba kikilipiwa 75,000 kwa mwezi na kodi ikilipwa ya miezi sita kwa mkupuo. Kabla ya kutaja punguzo lolote, mpangaji anayetaka kazi hii akae chini ahesabu saa zake. Kufagia uwanja na korido asubuhi ni dakika 40. Akifanya siku sita kwa wiki anapata saa 4. Kusugua choo na bafu ni saa moja, mara tatu kwa wiki, hizo ni saa 3. Kuzibua mtaro wa maji machafu na kupeleka mifuko ya taka barabarani siku mkokoteni unapopita ni saa 1 nyingine. Jumla ni saa 8 kwa wiki, sawa na karibu saa 35 kwa mwezi.

Sasa bei. Saa za kawaida za kazi kisheria Tanzania hazizidi 45 kwa wiki, kwa hiyo saa 8 ni pungufu kidogo ya moja ya tano ya kazi ya wiki nzima. Kama mtu wa usafi wa kutwa eneo hilo analipwa 150,000 kwa mwezi, sehemu ya mpangaji wetu ni kama 27,000. Wakikubaliana 25,000, hakuna aliyemnyonya mwenzake. Akipewa 10,000 "kwa kuwa yuko hapo hapo nyumbani", atafanya kwa moyo wiki tatu, kisha ataanza kuruka siku. Na akiomba asamehewe kodi yote, mwenye nyumba atapiga hesabu siku moja, aone anaweza kumlipa mtu wa nje kwa fedha ndogo zaidi na chumba akakipangisha kwa mwingine.

Punguzo linaingiaje wakati kodi inalipwa mapema? Mwenye nyumba akikata fedha mwanzoni, anakuwa amelipia kazi ambayo haijafanyika, na mpangaji akizembea hana pa kuzidai. Mpangaji naye akilipa kamili kisha angoje kurudishiwa, huenda akangoja sana. Njia iliyo salama kwa wote ni kulipa kodi kamili, kisha kazi iliyofanyika igeuzwe kuwa muda wa kukaa. Kwa mfano wetu, kila miezi mitatu ya kazi inazaa 75,000, yaani mwezi mmoja wa kodi. Aliyelipa 450,000 ya miezi sita na kufanya kazi yote hiyo miezi sita, anakaa miwili zaidi bila kutoa shilingi. Hakuna aliyemkopesha mwenzake fedha, na mwezi ambao kazi haikufanyika hauhesabiwi.

Lililo muhimu kuliko yote ni maandishi. Watu wengi, wakiandika, huandika hivi: "Kodi ya chumba ni 50,000 na mpangaji atafanya usafi." Sentensi hiyo ina hatari. Mwenye nyumba asiporidhika na usafi, anaweza kudai kwamba mpangaji amevunja mkataba wa chumba na kumtaka ahame. Mpangaji naye akiugua au akipata kibarua cha asubuhi, hajui kama bado ana haki ya kubaki. Kodi ikipanda, hakuna anayejua inapanda kutoka 50,000 au kutoka 75,000.

Andikeni kurasa mbili. Wa kwanza ni mkataba wa kupanga kama wa wapangaji wengine wote: chumba, kodi kamili ya 75,000, muda, notisi. Wa pili ni makubaliano ya usafi: kazi zenyewe zikitajwa moja moja, siku zake, thamani yake ya 25,000 kwa mwezi, nani ananunua sabuni, dawa ya choo, glovu na fagio, na kwamba upande wowote unaweza kuusitisha kwa notisi ya mwezi mmoja bila kugusa mkataba wa kupanga. Sentensi hii ya mwisho ndiyo kinga ya mpangaji. Kazi ikiisha, anarudi kulipa 75,000 kama majirani zake na maisha yanaendelea. Mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kushuhudia saini, na kila mmoja abaki na nakala yake.

Kuna upande wa sheria ambao wenye nyumba wengi hawaufikirii. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inataja dalili ambazo hata moja tu ikiwepo, mtu anayemfanyia mwingine kazi huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa wake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Dalili moja ni kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Nyingine ni kufanya kazi chini ya maelekezo yake, au kupewa naye vifaa vya kazi. Mpangaji wetu wa saa 35 hajafikia kiwango cha saa. Lakini mwongezee jukumu la kufungua geti usiku, saa moja tu kila siku, na tayari amefika saa 65. Hata asipofika, mwenye nyumba anayempangia saa ya kuanza na kumpa fagio na dawa amekwisha kuigusa sheria hiyo kwa upande mwingine.

Hilo lina maana gani kwa vitendo? Mgogoro ukitokea, mpangaji anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai malipo ya kazi yake. Mda wa kufungua madai ya kuachishwa kazi ni siku 30, na madai mengine ya kazi siku 60, kwa hiyo asikae na kinyongo mwaka mzima. Tena, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia deni bila mfanyakazi kuridhia kwa maandishi. Mwenye nyumba asiye na karatasi anaweza kujikuta anadaiwa malipo yote ya kazi, huku "punguzo la kodi" alilolitoa halionekani popote. Karatasi ile ya pili inamlinda yeye pia.

Mpango ulioandikwa vizuri nao huharibika, na mara nyingi huharibika polepole. Dalili ya kwanza ni kazi kuongezeka bila malipo kuongezeka. Leo mama mwenye nyumba anapiga simu: "Mwanangu, nikusanyie na pesa ya LUKU kwa hao wenzako." Kesho ni bili ya maji, keshokutwa ni kumwonyesha dalali chumba kilicho wazi. Kufagia ni jambo moja, kushika fedha za watu ni jambo jingine. Umeme ukikatika kabla ya wakati, majirani watamwangalia yule aliyeshika fedha. Ushauri wangu ni kukataa kwa heshima, au kuandika jukumu hilo upya na thamani yake.

Dalili ya pili hutoka kwa majirani wenyewe. Wakisikia mwenzao anapunguziwa kodi, baadhi huacha uchafu makusudi: maji ya dagaa yanamwagwa karoni, nepi zinaachwa bafuni, na jibu ni "si analipwa huyo?" Dawa yake ni mwenye nyumba kuwaita wapangaji wote na kutangaza mipaka mbele yao. Msafishaji anafagia na kusugua sehemu za wote, na kila mtu anaondoa uchafu wake mwenyewe. Tangazo hilo litoke kinywani mwa mwenye nyumba. Likitoka kwa mpangaji, ataonekana amejifanya bosi.

Daftari la shilingi chache huzuia ubishi mwingi. Kila siku ya kazi andika tarehe na kilichofanyika, na kila mwisho wa mwezi mtumie mwenye nyumba picha ya ukurasa huo na picha ya choo kikiwa safi kwa simu, aijibu. Majibu hayo yakijipanga miezi sita, hakuna atakayesema kazi haikufanyika.

Kuhusu choo kuna jambo ambalo halina mjadala. Dawa ya kung'arisha yenye klorini isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, na katika choo kidogo chenye kidirisha kimoja gesi hiyo huunguza macho na mapafu. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, acha mlango wazi. Mpangaji akiumia kwa kazi hii na hakuna aliyemsajili kama mfanyakazi, kupata fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kutakuwa na ugumu, hivyo mkubaliane mapema na muandike nani atagharimia matibabu.

Kwa anayetaka kuanza, nenda kwa mwenye nyumba mwezi mmoja kabla kodi yako haijaisha, ukiwa huna deni, na orodha ya kazi na saa zake mkononi. Omba mjaribu miezi mitatu. Na kama hataki kabisa kuweka saini kwenye ukurasa ule wa pili, lipa kodi yako kamili, fagia siku ya zamu yako kama wengine, na usichukue kazi hiyo.