‘Saa 8’ kwenye karatasi ya dawa si saa nane mchana

MFANYABIASHARA amepimwa malaria upande mmoja wa mpaka, akapewa dawa ya mseto ya ALu, kisha akavuka na mzigo wake. Njiani anapiga picha karatasi ya maelezo na kumtumia mwenzake amsomee. Maelezo hayo ni machache, lakini sehemu tatu huwapotosha wengi.

Ya kwanza ni nguvu ya kidonge. Boksi la kawaida huandikwa 20/120 mg, na mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge vinne kwa mara moja. Mara sita ni vidonge 24. Lakini dawa hiyohiyo hutengenezwa pia kwa 80/480 mg, ambapo kidonge kimoja ni sawa na vinne vya 20/120. Aliyezoea vinne akimeza vinne vya aina hii, amezidisha dozi mara nne. Kwa hiyo picha ya karatasi peke yake haitoshi. Piga pia upande wa boksi wenye namba hizo.

Ya pili ni muda. Karatasi husema dozi ya pili imezwe “baada ya saa 8”. Hapo panahesabiwa urefu wa muda, wala si saa ya ukutani. Aliyemeza dozi ya kwanza saa 7 mchana atameza ya pili saa 3 usiku. Akidhani ni saa 8 mchana, atakuwa ameziachanisha kwa saa moja tu. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, hata kama homa imeshuka. Dawa imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu mafuta husaidia mwili kuifyonza. Ukitapika ndani ya saa moja, karatasi husema urudie dozi. Hapo pakiti itapungua, hivyo mrudie mfamasia akuongezee.

Ya tatu ni hifadhi. “Isizidi nyuzi 30” haina maana ya kuiweka kwenye friji. Maana yake ni kwamba isiachwe mbele ya kioo cha gari lililosimama juani kwenye foleni ya forodha. Vidonge pia visitolewe kwenye pakiti yake na kufungwa katika kipande cha nailoni, maana unyevu huviharibu. Kidonge kilichopigwa na joto kinaweza kuonekana kizima, kwa hiyo usikiamini kwa macho.

Msomaji wa picha anaweza kukufafanulia maneno, lakini hajui kama una mimba, una ugonjwa wa moyo, au unameza dawa nyingine. Hayo mweleze mfamasia, ukiwa na boksi lenyewe mkononi. Homa ikiendelea baada ya siku tatu, au mgonjwa akipata degedege au kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali iliyo karibu, iwe upande wowote wa mpaka.