Kumjibu Mhakiki wa Pili kuhusu nyumbu wa Kitengela

Maoni ya wahakiki yakirudi kwa barua pepe, kumbuka kwanza kwamba jibu lako linamwendea mhariri. Yeye ndiye mwamuzi, na mara nyingi atalirudisha kwa wahakiki walewale waliosoma mswada wako miezi kadhaa iliyopita na sasa wameshausahau. Kwa hiyo nakili kila oni neno kwa neno, lipe namba, andika jibu chini yake, kisha bandika sentensi mpya jinsi inavyosomeka sasa, pamoja na ukurasa na mstari. Ukiandika "tumerekebisha" tu, umemtuma mhakiki akatafute mwenyewe, na mhakiki anayetafuta hukutana na makosa mengine njiani.

Maoni unayoyakubali hayana kazi kubwa. Kazi iko pale usipokubaliana na mhakiki.

Tuseme umeandika kuhusu nyumbu wa tambarare za Athi-Kaputiei, zile zinazoanzia kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kupita Kitengela. Mwaka 2013 Joseph Ogutu na wenzake walichapisha hesabu zilizotokana na sensa zilizofanywa kwa ndege: nyumbu zaidi ya 26,800 mwaka 1978, na chini ya 3,000 mwaka 2011. Wewe umeongeza kwamba uzio na ploti zimeziba njia ambayo nyumbu hutumia kutoka mbugani mvua zinaponyesha. Mhakiki wa Pili anaandika: "Kupungua huku kumeletwa na ukame. Sehemu ya uzio iondolewe."

Jibu la hasira huanza na "Mhakiki hakuelewa". Hata kama ni kweli, usiliandike. Msomaji makini akipotea kwenye aya yako, wengine watapotea papo hapo, kwa hiyo aya hiyo inahitaji marekebisho hata kama hoja yake haibadiliki. Tenganisha kwanza mambo mawili aliyoyachanganya: dai kwamba ukame una mchango, na agizo kwamba uzio uondolewe. La kwanza ana haki nalo, kwani ukame wa 2008 na 2009 uliiumiza Kajiado vibaya. La pili halifuati kutoka la kwanza. Hapo jibu linaweza kusomeka hivi:

"2.4a. Tunakubali kwamba ukame una mchango, na mswada wa kwanza haukuupa nafasi yake. Tumeongeza aya (uk. 9, mistari 14–22). 2.4b. Kuhusu kuondoa sehemu ya uzio, tunaomba kuibakiza kwa sababu ifuatayo. Ukame wa 1973 na 1974 uliua wanyama wengi katika Mbuga ya Nairobi na vifo hivyo viliripotiwa wakati huo, lakini sensa ya 1978 bado ilipata nyumbu zaidi ya 26,800. Ukame peke yake hauelezi vizuri kwa nini idadi ilishuka hivyo baadaye. Hata hivyo, data yetu haiwezi kupima mchango wa kila sababu, hivyo tumebadilisha 'uzio umesababisha' kuwa 'uzio unahusishwa na' (uk. 10, mstari 3)."

Adabu ya jibu hili haitokani na wingi wa shukrani. Shukuru mara moja mwanzoni mwa barua, basi. Shukrani inayorudiwa chini ya kila namba husomeka kama kejeli. Adabu iko katika kutaja kwa usahihi alichosema, kukubali sehemu yenye ukweli, kuweka ushahidi mezani na kupunguza dai lako mpaka pale ushahidi unapofika. Mhariri asiyejua lolote kuhusu nyumbu ataona nani ametoa sababu.

Ombi gumu zaidi ni la kazi mpya: "Waandishi warudie sensa msimu wa mvua." Ndege ni ghali, lakini usijitetee kwa umaskini, maana jarida halipimi mfuko wako. Jiulize anahofia nini. Pengine anashuku kwamba nyumbu hawakupungua, wamehamia upande mwingine tu, na shaka hiyo ni ya haki: kiangazi wanyama huingia mbugani, mvua zikija hutawanyika. Mwonyeshe kwamba eneo lililohesabiwa linajumuisha mbuga na tambarare, yaani maeneo ya misimu yote miwili, kama ndivyo lilivyo. Kama sivyo, andika kasoro hiyo ndani ya makala yenyewe, kwa sababu jibu linalobaki kwenye barua halimfikii msomaji.

Kabla ya kutuma, weka namba ya mswada kwenye mada ya barua pepe na uambatishe faili tatu: majibu, nakala yenye alama za mabadiliko na nakala safi. Uhakiki ukiwa wa siri pande zote mbili, fungua sifa za kila faili ufute jina lako. Alama za mabadiliko hutaja aliyezifanya, na waandishi wengi hujianika hapo baada ya kulificha jina kwenye ukurasa wa kwanza.