Sauti Inayomtangulia Mhusika

Filamu ya katuni ya The Lion King, ile ya mwaka 1994, inaanza kwa wimbo mrefu wa mapambazuko, wanyama wa nyikani wakimiminika kwenda kumwona mwana wa mfalme aliyezaliwa. Muda wote huo hakuna mhusika anayezungumza. Mtu angetarajia kwamba wimbo ukiisha tutamsikia mfalme, au mama wa mtoto. Badala yake, sauti ya kwanza ni ya Scar, ndugu wa mfalme, aliyejitenga pangoni na panya mmoja aliyembana chini ya ukucha. Anamlalamikia yule panya kwamba dunia haina haki na kwamba yeye hatakuwa mfalme kamwe. Hajaua, hajapanga njama, wala hajamtaja adui. Hata hivyo, kabla hajamaliza kulalamika, mtoto wa miaka sita aliyekaa mbele ya televisheni amekwisha kujua kwamba simba huyu ana akili nyingi, ana wivu, na si wa kuaminiwa.

Mtoto huyo hakuyapata hayo kwenye maneno. Ameyapata kwenye koo la Jeremy Irons, mwigizaji wa Kiingereza aliyempa Scar sauti. Na dakika chache zinazofuata, ambamo ndege Zazu anaingia na kisha Mufasa mwenyewe, ni mahali pazuri pa kuona jinsi kidatu, lafudhi na mwendo wa maneno vinavyomjenga mhusika wakati hadithi yenyewe bado haijaanza.

Tuanze na kidatu, yaani ujuu au uchini wa sauti. Ndani ya zoloto kuna nyuzi mbili za sauti zinazotetema pumzi ikipita katikati yake. Kwa mwanamume mzima hutetema kiasi cha mara 100 hadi 130 kwa sekunde akizungumza kawaida, kwa mwanamke karibu mara 200, kwa mtoto mara 250 na zaidi. Nyuzi ndefu na nene hutetema polepole, kama uzi mnene wa gitaa, na ndiyo maana sikio huichukulia sauti nzito kuwa ni ya mwili mkubwa. Lakini nyuzi peke yake hazitoshi. Sauti ikitoka kwenye zoloto hupita kooni na kinywani, njia yenye urefu wa kama sentimita 17 kwa mwanamume, na urefu wa njia hiyo ndio unaoipa sauti upana wake. Mwigizaji akiliteremsha zoloto, kama linavyoshuka mtu anapopiga mwayo, njia inarefuka na anasikika mkubwa kuliko alivyo, hata kama kidatu chake hakijabadilika sana.

Mufasa alichezwa na James Earl Jones, Mmarekani aliyekuwa na mojawapo ya sauti nzito zilizojulikana zaidi katika sinema. Tazama anavyoingia. Scar amekwisha kumtia Zazu kinywani. Kabla mfalme hajaonekana, tunasikia sauti yake ikimwita nduguye kwa jina, kisha ikimwamuru amwachie ndege. Amri yenyewe kwa Kiingereza ni maneno mawili tu. Jones hapandishi sauti wala haharakishi. Anayaacha maneno yashuke hadi mwisho na kutulia hapo. Kiimbo kinachoshuka namna hiyo ni cha mtu asiyetarajia kubishiwa. Mufasa bado hajafanya jambo lolote la kifalme, ila amekwisha kutawala.

Wengi hudhani kwamba tofauti ya ndugu hawa wawili ni kwamba mmoja ana sauti nzito na mwingine nyembamba. Sivyo. Sauti ya Irons nayo ni ya chini. Tofauti iko kwenye mchezo wa kidatu. Jones hutembea katika eneo dogo, karibu kama mtu anayepita kwenye uwanda. Irons hupanda, huteleza, hushuka ghafla katikati ya sentensi, na mara nyingine huumalizia mwisho wa neno kwa pumzi tu. Anapoambiwa kwamba hakuonekana kwenye sherehe ya mtoto, anajibu kwa mshtuko wa kujifanya: kidatu kinaruka juu mno, kinakaa huko kwa muda mrefu mno, na hapo ndipo tunapojua kwamba hakusahau hata kidogo. Maneno yanaomba radhi huku kiimbo kikidhihaki.

Kisha lafudhi. Hawa ni ndugu waliolelewa kwenye mwamba mmoja, lakini mmoja anazungumza Kiingereza cha Marekani na mwingine cha Uingereza, tena kile cha shule za wenye nacho. Kwa hesabu ya ukoo haileti maana yoyote, na bado watazamaji wachache mno huuliza. Lafudhi kwenye katuni aghalabu haisemi mhusika katoka wapi. Inasema tumweke wapi moyoni. Kwa mtazamaji wa Marekani, ambaye ndiye filamu ilimlenga kwanza, lafudhi ya Irons ni ya elimu, ya ubaridi na ya kujiona. Ya Jones ni ya baba wa nyumbani. Sisi tunaijua mbinu hii vizuri: katika vichekesho vya redio na televisheni vya Tanzania, mhusika akifungua kinywa kwa lafudhi ya Kipemba au ya Kichaga, watu wameanza kucheka kabla hajafika kwenye kiini cha mazungumzo.

Na hapo ndipo lafudhi inapokuwa chombo cha hatari kuliko vingine viwili. Kidatu kinategemea maumbile ya mwili, ambayo binadamu wote tunayo. Lafudhi inategemea dhana ambazo jamii imekwisha kujijengea kuhusu watu halisi. Mwanaisimu Rosina Lippi-Green, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu lafudhi za Kiingereza nchini Marekani, alipitia filamu za katuni za Disney na kuonyesha kwamba wahusika wenye lafudhi za kigeni walikuwa wabaya kwa kiwango kikubwa kuliko wale wenye lafudhi ya Kimarekani ya kawaida. Fisi wa The Lion King nao walilalamikiwa kwa sababu hiyo hiyo: waliopewa kuzungumza kati yao waliwekewa sauti za Whoopi Goldberg na Cheech Marin, na baadhi ya watazamaji walisikia humo lafudhi za Wamarekani weusi na wale wa asili ya Meksiko. Naona malalamiko hayo yalikuwa na msingi. Lafudhi iliyotumiwa kama njia ya mkato humwokolea mtunzi dakika mbili za maelezo, na gharama yake hulipwa na mtoto anayeisikia nyumbani kwao kila siku.

Lakini nikiulizwa ni kipi kati ya vitatu kinachomjenga Scar zaidi, nitasema mwendo. Irons anazungumza kama mtu ambaye hana haraka kwa kuwa hakuna anayeweza kumfanya lolote. Anazivuta irabu, ananyamaza kabla ya neno analolipenda, halafu analitoa kana kwamba amelionja kwanza. Kimya kidogo kabla ya neno humwambia msikilizaji kwamba neno hilo limechaguliwa, na anayechagua maneno anaficha mengine. Zazu, aliyechezwa na Rowan Atkinson, anaingia kwa mwendo ulio kinyume kabisa: maneno mengi, ya haraka, yenye herufi zilizotamkwa kwa usafi wa karani. Tunajua papo hapo kwamba huyu ni mtumishi mwaminifu, mwenye kujali taratibu, asiye na nguvu ya kumdhuru yeyote.

Mwendo una uzito mwingine ambao mtazamaji haujui, nao unatokana na namna katuni inavyotengenezwa. Katika studio kama Disney, sauti hurekodiwa kwanza na michoro hufuata. Mwigizaji husimama mbele ya kipaza sauti, mara nyingi peke yake, akirudia sentensi ileile kwa namna mbalimbali huku waongozaji wakisikiliza; hapa walikuwa Roger Allers na Rob Minkoff. Namna iliyochaguliwa hukatwakatwa kwenye jedwali linaloonyesha ni silabi gani inaangukia kwenye picha ipi, na kila sekunde ya filamu ina picha 24. Maana yake ni kwamba irabu aliyoivuta Irons kwa nusu sekunde inampa mchoraji picha 12 za kuinua nyusi, kugeuza macho na kukunja mdomo. Mwendo wa Zazu hauachi nafasi hiyo, hivyo uigizaji wake unahamia kwenye mabawa na shingo. Andreas Deja, aliyeongoza uchoraji wa Scar, aliziingiza baadhi ya sura za uso wa Irons mwenyewe kwenye uso wa simba. Polepole ya mwigizaji ilitengeneza mahali pa kuzichora.

Kuna jaribio la bahati linalotuwezesha kupima haya yote. Mwaka 2019 Disney waliitengeneza filamu hiyo upya kwa michoro ya kompyuta inayofanana na wanyama halisi. Jones alirudi kuwa Mufasa. Scar alipewa Chiwetel Ejiofor, Mwingereza mwenye wazazi wa Kinigeria. Pango ni lile, panya yumo, malalamiko ni yaleyale kwa kiasi kikubwa, na lafudhi bado ni ya Uingereza. Ila Ejiofor ameondoa mchezo: kidatu kinabaki chini na kukwaruza, sentensi zinakwenda moja kwa moja, mshtuko wa kujifanya umepungua. Mhusika anayetoka hapo ni mwingine kabisa. Scar wa Irons ni mwanaharamu wa mahakama ya kifalme, anayefurahia ubaya wake; huyu wa Ejiofor ni askari aliyeshindwa vita na bado anaumwa na jeraha. Ukitaka kusikia tofauti bila kusumbuliwa na picha, zisikilize sehemu hizo mbili mfululizo ukiwa umefumba macho. Ni ushahidi kwamba lafudhi peke yake haijengi tabia.

Sauti ya kuigiza ina mipaka yake ya kimwili pia. Mwigizaji anayeibana koo ili afikie sauti isiyo yake huanza kukwaruza baada ya muda mfupi, na msikilizaji makini huisikia kabla yake: pumzi inakuwa fupi, kidatu kinaanza kupanda, na mhusika anaonekana ana wasiwasi ambao hadithi haikumpa. Irons mwenyewe sauti ilimchoka wakati wa kurekodi wimbo mkali wa Scar, na sehemu ya mwisho ikaimbwa na Jim Cummings kwa kumwigiza, kwa ustadi ambao wasikilizaji wengi hawakuugundua.

Huyohuyo Cummings ndiye Ed, fisi wa tatu, ambaye kati ya wote ninampenda zaidi. Ed hana neno hata moja katika filamu nzima, kwa hiyo hana lafudhi ya kuhukumiwa. Ana kicheko tu. Mwanzoni ni cha juu, cha haraka, kinachokatika bila mpangilio, nasi tunamwona mpumbavu asiye na madhara. Karibu na mwisho, fisi wanapomzingira Scar aliyewasaliti, wenzake wawili wanamgeukia Ed kutaka kauli yake. Anacheka, lakini safari hii kwa sauti ya chini na bila haraka, na Scar anaelewa.