Mkono wa Birika

Tazama mkono wa birika la chai: umepinda, na haunyooki hata ukiuvuta. Ndiyo maana mchoyo husemwa ana mkono wa birika. Siku ya Idi, mwambaoni, mtoto akimwambia mjomba wake, “Shikamoo mjomba, naomba mkono wa Idi,” hataki kushikwa mkono tu; anataka sarafu. Mwenye mkono wa birika atacheka, apapase mfukoni, atoe leso.

Mkono mrefu ni wa mwizi, hasa mdokozi.

Sifa moja ikihama kiungo, maana nayo huhama. Kichwa kizito ni cha asiyeshika somo upesi. Moyo mzito ni wa anayesita, na huenda somo analijua vizuri. Huyu huambiwa apige moyo konde, yaani ajikaze. Konde ni ngumi, kana kwamba moyo unaamshwa kwa kipigo.

Jicho ndilo la kuchunga. Mama akienda sokoni humwomba jirani amtupie jicho mwanawe, yaani amwangalie. Lakini ukisema jirani huyo “ana jicho baya”, umemtuhumu husuda, na mtoto hataachwa kwake tena.