Swali la Mlangoni Katika Somo la Miamba

Mwalimu wa Jiografia anayefundisha Ngara hahitaji kwenda mbali kutafuta mawe. Nyumba za zamani za mtaa huu zina kuta za mawe ya kijivu, majengo mapya yanapanda kwa mawe ya Ndarugo, kokoto nyeusi hulundikwa popote panapojengwa, na nyua nyingi za Nairobi zimetandikwa vibao vya Mazeras kutoka Pwani. Hata hivyo, somo la mzunguko wa miamba likifika mwisho, swali huwa ni lile lile: tajeni aina tatu za miamba. Darasa linaitikia kwa pamoja kwamba kuna miamba moto, miamba tabaka na miamba geu. Kengele inalia na mwalimu anatoka akiwa ameridhika.

Kuridhika huko hakuna msingi. Mtoto anaweza kuyakariri majina hayo matatu na bado akaamini kwamba mwamba geu ni mwamba ulioyeyuka, au kwamba kila jiwe duniani lilitapikwa na volkano. Tikiti ya kutokea ipo kwa ajili ya kuzinasa dhana za aina hiyo. Ni kijikaratasi cha robo ukurasa ambacho mwanafunzi hujaza katika dakika tano za mwisho za kipindi cha dakika 40 na kumkabidhi mwalimu akitoka. Haina alama. Ukiipa alama, wanafunzi watachungulia karatasi za wenzao, nawe utakusanya mawazo ya watoto watatu yakiwa yamenakiliwa darasa zima.

Swali moja lililotungwa vyema linatosha kuonyesha kazi yake. Vilima vya Machakos, yapata kilomita 60 kutoka Nairobi, vina mwamba uitwao naisi, wenye mistari myeupe na myeusi inayopishana. Mwonyeshe mwanafunzi kipande chake au picha, kisha umuulize: mistari hii ilitokeaje? (A) Mwamba wa awali uliyeyuka wote, kisha ukapoa. (B) Joto kali na mgandamizo viliyapanga upya madini ya mwamba ukiwa bado mgumu. (C) Maji yalitandaza mchanga mweupe, halafu mweusi, tabaka juu ya tabaka. (D) Volkano ilimwaga lava za rangi tofauti kwa zamu. Chini yake acha mstari mmoja unaoanza na "kwa sababu".

Jibu ni B. Lakini thamani ya swali imo katika yale majibu matatu mengine, kwa kuwa kila moja lina mtoto wake. Anayechagua A amesikia neno "joto" akalielewa kuwa ni kuyeyuka. Anayechagua C amefundishwa kwamba miamba tabaka ina tabaka, basi kila mstari anaouona kwake ni tabaka. Anayechagua D ni mtoto wa Nairobi hasa: jiji lake limekalia fonolaiti, trakaiti na majivu ya volkano yaliyoganda, na haoni kwa nini Machakos pawe tofauti. Swali ambalo majibu yake mabaya hayamwambii mwalimu lolote linafaa kutupwa, hata kama ni gumu.

Tuseme darasa lina wanafunzi 45. Jioni unazigawa karatasi katika mafungu manne kwa herufi, bila kusahihisha chochote. Ni kazi ya dakika chache. Tuseme umepata A 17, B 15, C 9 na D 4. Kuna mwalimu atakayesema kwamba theluthi moja ya darasa imeelewa. Asikimbilie kusema hivyo. Kwa machaguo manne, darasa zima likibahatisha, kama wanafunzi 11 wataangukia B bila kujua chochote. Ndipo ule mstari wa "kwa sababu" unapofanya kazi. Soma mistari ya fungu la B peke yake, uwatenge walioandika jambo linalohusu joto na mgandamizo kutoka kwa walioandika "kwa sababu ndivyo ilivyo". Huenda ukabaki na sita au saba.

Fungu la A ndilo kubwa, kwa hiyo ndilo litakalofungua kipindi kijacho. Usirudie somo zima. Chukua tofali la kuchoma na bonge la udongo mbichi, uwaulize kilichotokea tanuuni. Udongo ulibadilika rangi, ukawa mgumu, wala haurudi tena kuwa tope, lakini haukuyeyuka. Tofali limebaki na umbo lilelile la kalibu. Ukishakubaliwa hapo, rudi Machakos na uongeze kile ambacho tanuu haina, yaani mgandamizo wa kilomita nyingi za miamba iliyolalia juu. Mgandamizo huo, unapokuwa mkali upande mmoja kuliko mwingine, ndio unaoyafanya madini yajipange kwa mistari. Mwamba ukiyeyuka kabisa na kupoa, tunao tayari mwamba moto mpya, na somo ni jingine.

Swali la pili linakinga dhidi ya michoro ya vitabuni, ambayo mishale yake huzunguka upande mmoja kama magari ya mzunguko wa Globe. Mpe mwanafunzi punje ya kokoto ya fonolaiti, umuulize: je, ni lazima jiwe hili liwe mwamba tabaka kwanza ndipo liweze kuwa mwamba geu? Wengi wataandika ndiyo. Ukweli ni hapana. Likizikwa kwa kina cha kutosha linageuka moja kwa moja, na likibaki juu linamomonyoka na chembe zake kubebwa na mto. Mwamba geu nao unaweza kuchakaa ukawa mchanga bila kuyeyuka kamwe. Mchanga wa ujenzi unaochimbwa katika mito ya Ukambani umetokana kwa sehemu kubwa na naisi iliyochakaa.

Sasa mtego ambao mwalimu wa Ngara hujitegea mwenyewe. Jiwe la Ndarugo ndilo lililo karibu zaidi, hivyo inashawishi kuuliza: hili ni mwamba moto au mwamba tabaka? Usiulize. Jiwe hilo ni tufu, majivu ya volkano yaliyoanguka, yakatandazika na kuganda. Kwa asili yake ni zao la volkano, na kwa kawaida huwekwa upande wa miamba moto; kwa namna lilivyotua linafanana na mashapo, na wanajiolojia wenyewe hulijadili kutoka pande zote mbili. Mtoto akijibu "tabaka", hujui kama amekosea au amefikiri kuliko wenzake. Tumia jiwe hilo katikati ya somo, pale penye nafasi ya kubishana, na si kwenye karatasi ya mlangoni.

Lipo pia suala la lugha. Somo hili hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto anayejua kilichotokea Machakos huenda akashindwa kukieleza. Mruhusu aandike sababu yake kwa Kiswahili, au achore, na usihangaike na tahajia. Unachotafuta ni anavyoifikiria miamba.

Mwisho, karatasi ya leo inaonyesha kilichobaki kichwani kwa dakika 40 tu. Mwalimu, rudia swali la Machakos baada ya wiki mbili, bila kutangaza, ukiwa umebadilisha mpangilio wa herufi. Hesabu ya siku hiyo ndiyo inayofaa kuingia katika rekodi zako.