Simu ya bandia: usibonyeze 'nimepokea' kabla ya kupima

KAGONGWA — Wafanyabiashara wa mpunga na mchele wa hapa siku hizi huagiza simu kwa mtandao, na mzigo hufika kwa basi. Tatizo huanza boksi likishafunguliwa.

Tuchukue mfano wa mnunuzi aliyelipa Sh 450,000 kwa simu ya Samsung. Boksi ni zuri, nembo ipo. Lakini akipiga *#06# zinatokea tarakimu 15 za IMEI ambazo hazilingani na zilizochapwa kwenye boksi. Hapo shaka ni ya haki.

Hatua inayofuata ni kutuma tarakimu hizo kwa ujumbe mfupi kwenda namba 15090 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Majibu hutaja aina ya simu iliyosajiliwa kwa namba hiyo. Yakitaja simu nyingine, au namba isipotambulika, mnunuzi amepata ushahidi. Hata hivyo, watengenezaji wa bandia huiba namba za simu halisi, kwa hiyo jibu zuri linathibitisha namba tu, si simu yenyewe. Ipo haja ya kupima pia kwa kujaza picha na video: simu inayojidai ina nafasi kubwa huanza kuharibu mafaili mapema. Ikumbukwe kuwa TCRA ilizima simu bandia mwezi Juni 2016.

Fedha ndiyo kiini cha jambo hili. Katika mitandao mikubwa ya mauzo, malipo hushikiliwa na mtandao hadi mnunuzi athibitishe kupokea, au hadi muda uliowekwa upite. Ukibonyeza 'Confirm received' pale pale stendi ili kumfurahisha mleta mzigo, umeilegeza kamba mwenyewe. Tazama tarehe ya mwisho kwenye ukurasa wa oda, kisha fungua malalamiko humo humo kabla haijafika. Chagua sababu ya bidhaa bandia, si 'sikuipenda', kwa kuwa hiyo ya pili mara nyingi humtwisha mnunuzi gharama ya kurudisha mzigo. Ambatanisha video ya kufungua boksi, picha ya IMEI ya kwenye skrini na ya boksi, na majibu ya 15090.

Muuzaji huenda akaomba mzungumze pembeni, kwa WhatsApp, na kuahidi kurudisha nusu ya fedha ukifuta malalamiko. Usifute. Malalamiko yakishafutwa, mitandao mingi haikubali kuyafungua tena.

Aliyetuma fedha moja kwa moja kwa simu ya muuzaji hana mtandao wa kumshikia. Huyo abaki na risiti ya muamala na kwenda polisi. Taarifa za alama bandia hupokelewa pia na Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Tume hukamata na kuteketeza mali bandia. Sh 450,000 zako hudaiwa kwingine.